Siku Niliyoondoa Kikomo Mlangoni

Kwa miezi mitano na nusu nilifanya kazi na tumbo la mtu anayengoja majibu ya mtihani. Hapa Sweden kuna ajira ya majaribio wanayoiita provanställning. Unafanya kazi miezi sita, na siku ya mwisho ikipita bila mwajiri kusema neno, kazi inakuwa yako. Akisema kabla ya hapo kwamba hakutaki, unaondoka, wala halazimiki kukupa sababu. Kwa hiyo unaishi ukitamani watu wakunyamazie, jambo ambalo kwa mtu mwenye mdomo kama wangu ni kichekesho.

Nilikuwa na shahada ya kompyuta kutoka Nairobi, lakini kabla ya kazi hiyo nilikuwa nimeogesha wazee wa Vällingby miaka minane. Sisemi kwa kunung'unika. Wazee wale walinifundisha Kiswidi kuliko darasa lolote, na mmoja wao ndiye aliyenisahihishia barua ya maombi ya kazi. Ila niliingia katika ofisi ile nikiwa na njaa ya kuonyesha kwamba kichwa changu hakijaota kutu. Nilitaka kila jambo nilimalize kabla mtu hajauliza. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, mama yangu alikuwa akiniambia, nami nikamjibu kwamba mwenye kuchelewa hapati hata chungu.

Ofisi ilikuwa Flemingsberg, hatua chache kutoka hospitali kubwa, na mimi nilikuwa nikija kwa basi kutoka Norsborg. Tulikuwa kampuni ndogo ya kutengeneza programu za mafunzo ya wauguzi. Wakati huo tulikuwa tunamalizia moja ambayo mwanafunzi anazungumza na mgonjwa asiyejua Kiswidi. Mimi nilipewa upande wa Kiswahili. Nilikuwa nimerekodi sauti za Wakenya, Watanzania, Wakongo na Warundi waishio hapa, kila mmoja akieleza maumivu yake kwa namna ya kwao. Walibishana mbele ya kinasa sauti kuhusu namna ifaayo ya kusema kichwa kinauma, nami nikaziweka zote, maana mgonjwa hataomba ruhusa ya mwalimu kabla hajaugua.

Seva zote zilikuwa chini ya mwanamke mmoja wa Bukavu, mwenye wajukuu wanne na sweta la kijivu alilolivaa hata mwezi wa saba. Sote tuliojua Kiswahili tulimwita Mama, na Waswidi wakaiga. Alikuwa amelinda mashine hizo tangu kampuni ilipokuwa na wafanyakazi watatu. Kabla ya kukusaidia alikuwa na desturi moja, na desturi hiyo ilinikera sana. Ukimwendea na tatizo, hakugusa kibodi. Alikupa karatasi na kalamu, akakuambia umsomee kosa kwa sauti, neno kwa neno, halafu uchore milango yote ambayo mzigo wako unapita, na uweke alama kwenye mlango uliokujibu. Mpaka uchore, Mama anakunywa chai. Nilimwona kama mwalimu wa chekechea aliyepotea njia.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, asubuhi. Adhuhuri mkuu wetu alikuwa anatarajia kuonyesha toleo jipya kwa walimu wa wauguzi. Kazi yangu ilikuwa kusukuma kifurushi cha programu, pamoja na sauti zake zote, kwenda kwenye ghala letu la vifurushi, ili seva ya maonyesho ikichukue kutoka huko. Kifurushi cha aina hii hujengwa kwa matabaka, moja juu ya jingine, na kila tabaka husafiri peke yake. Nikatoa amri ya kusukuma saa tatu na robo. Matabaka madogo yakaingia moja baada ya jingine bila shida. Lile la sauti, lililokuwa na zaidi ya gigabaiti tatu, likaenda kidogo, likasimama, likaanza upya, likasimama tena. Mwishoni likaja jibu: 413, ombi ni kubwa kupita kiasi.

Nilijua maana yake. Mbele ya ghala letu, na mbele ya tovuti zetu zote nyingine, ilisimama seva moja ya mlangoni, ile ambayo mafundi huiita proksi. Kila ombi kutoka nje hupitia kwake kwanza, ndipo yeye alipeleke ndani panapohusika. Seva hiyo ina kikomo cha ukubwa wa mzigo inaokubali kupokea katika ombi moja. Usipokiandika mwenyewe, hiyo tunayotumia sisi hujiwekea megabaiti moja tu. Chetu mtu alikuwa amekipandisha hadi gigabaiti moja zamani, na hakuna tabaka lililowahi kukifikia hadi sauti zangu zilipokuja.

Hapo ningemwendea Mama. Lakini nilijua ataniletea karatasi, na saa ilikuwa inakwenda. Zaidi ya hapo, nilitaka kusema adhuhuri kwamba nimetatua mwenyewe. Akaunti ya kuingilia seva ya mlangoni ilikuwa moja, tukiitumia sote. Nikaingia, nikafungua faili la mipangilio, nikatafuta mstari wa kikomo. Ulikuwa juu kabisa, mahali panapohusu tovuti zote. Nikafuta ile namba, nikaandika sifuri. Katika seva hiyo sifuri haimaanishi usipokee kitu. Maana yake ni usipime kabisa. Nikajaribu kama mipangilio inasomeka, ikasomeka, nikaiambia seva iisome upya. Dakika mbili kazi imekwisha. Nilijisikia bingwa.

Nikasukuma tena, 413 haikurudi. Tabaka la sauti likaenda vizuri, nikaenda kujitilia kahawa. Niliporudi nikakuta jibu jingine: 500, hitilafu ndani ya seva. Programu ikajaribu yenyewe mara ya pili, ikapata 500 ileile. Sikuelewa. Nikajaribu mara ya tatu, kwa ule ujinga wa mtu anayebonyeza kitufe cha lifti akidhani itaona haya.

Wakati huo simu ya mezani kwa mkuu wetu ikalia. Alikuwa Mswidi mrefu, mpole, mwenye kusema kidogo. Nilimsikia akirudia maneno ya aliyepiga: wanafunzi wa uuguzi walikuwa wanatuma kazi zao kwenye tovuti yetu nyingine na kazi zinakataliwa. Kurasa zinafunguka, wanasoma kama kawaida, lakini kila anayejaribu kutuma faili anaambiwa kuna hitilafu ya seva. Akatoka, akauliza kwa utulivu kama kuna aliyegusa kitu. Vijana wawili wa upande wa michoro wakatikisa kichwa. Mimi nikatazama kioo cha kompyuta yangu. Sikusema neno.

Hilo ndilo ninaloliona aibu hadi leo, kuliko ile sifuri. Nilihesabu haraka kichwani: akaunti ni ya wote, jina langu halimo popote, na zimebaki wiki mbili.

Mama alikuwa ameshaweka kikombe chini. Alikuja moja kwa moja mezani kwangu, kwa sababu aliona sura yangu au kwa sababu aliona kazi ya kusukuma ikiendelea kwenye kioo, sijui. Akaniambia nisimamishe. Nikasimamisha. Akavuta kiti, akaweka karatasi mbele yangu.

"Usishike kitu," akasema. "Kwanza soma ile inakuambia."

Nikasoma. Akaniambia nichore milango. Nikachora kompyuta yangu, nikachora seva ya mlangoni, nikachora ghala. Akaniuliza ni mlango gani uliosema mia tano. Nikamjibu kwamba ni ghala, maana ndilo linalopokea mzigo.

"Uliona ama unafikiri?"

Nilikuwa nafikiri tu. Akafungua logi ya ghala, daftari ambamo seva hujiandikia kila tukio, tukaisoma pamoja. Ilionyesha matabaka madogo ya asubuhi yakipokelewa, kisha ombi la kufungua nafasi ya tabaka la sauti, kisha basi. Sauti zenyewe hazikuwahi kufika, wala ghala halikulalamika popote. Halafu akafungua logi ya seva ya mlangoni. Huko kulikuwa na mistari inayofanana, mingi: imeshindwa kuandika faili la muda, hakuna nafasi kwenye diski.

Ndipo akanieleza, bila haraka, huku simu ikilia chumba cha pili. Seva ya mlangoni, isipoambiwa vingine, haipitishi mzigo moja kwa moja. Hupokea kwanza mzigo wote, ule usioenea kwenye kumbukumbu huuandika kwenye diski yake, na ukishatimia ndipo huupeleka ndani. Diski ya mashine ile ilikuwa ndogo, kwa sababu haikukusudiwa kuweka kitu. Kikomo cha zamani kilikuwa kinazuia mzigo mkubwa kabla haujaijaza. Mimi nilipokiondoa, gigabaiti tatu za sauti zikaanza kuandikwa kwenye sehemu isiyobakiwa hata na gigabaiti mbili. Diski ikajaa. Na ilipojaa, wale wanafunzi wenye faili zao ndogo nao hawakupata pa kuandikia. Waliokuwa wanasoma tu hawakuhitaji nafasi hiyo, ndiyo maana kurasa zilifunguka. Tulipokatisha usukumaji wangu, seva ikafuta faili lake la muda, nafasi ikarudi. Akamwomba mkuu awaambie wanafunzi wajaribu tena, na kazi zikapita.

Mpaka hapo hakuwa ameniuliza ni nani aliyeandika sifuri. Alifungua faili la mipangilio, akauona mstari. Kisha akanisogezea kibodi.

Nilitarajia arekebishe yeye, kwa vidole vyake vya miaka yote ile, nami nikae pembeni kama mgonjwa. Badala yake akaniambia niandike mimi. Juu, kwa tovuti zote, tukarudisha kikomo cha zamani. Tukashuka hadi sehemu ya ghala peke yake. Akaniuliza tabaka kubwa kuliko yote lina ukubwa gani, nikamtajia. Akaniambia niweke gigabaiti tano, ili tupate nafasi ya kukua lakini mtu akituma takataka bado azuiwe. Chini yake nikaandika mstari wa kuiambia seva isihifadhi mzigo wa ghala kwanza, ipitishe papo hapo kadiri unavyofika. Nikaandika na ule wa kuitaka izungumze na ghala kwa toleo jipya zaidi la itifaki, kwa sababu mizigo hii huja vipande vipande bila kutangaza ukubwa wake, na bila mstari huo toleo letu la seva lingeendelea kuihifadhi tu. Mwisho tukaongeza muda ambao seva inavumilia ghala likikawia kujibu. Kila mstari aliniuliza unafanya nini, na nilipojibu kwa kukisia aliniambia nikasome mwongozo. Nikasoma. Nilikuwa nikimlaani kimoyomoyo na kumpenda kwa wakati mmoja.

Kabla ya kusukuma alifungua dirisha la pili lenye nafasi ya diski ya mlangoni, tuitazame huku mzigo ukipita. Nikatoa amri. Sauti zikaanza kwenda. Namba ya nafasi ya diski haikusogea hata kidogo, na upande wa ghala nafasi ikaanza kuliwa, polepole, kama inavyotakiwa. Saa tano na dakika arobaini tabaka la mwisho lilipokelewa. Walimu wa wauguzi walipokuja adhuhuri, bibi mmoja wa Burundi aliwaeleza kutoka kwenye spika jinsi mgongo unavyomchoma, na kwa tafsiri ya Kiswidi iliyoandikwa kwenye kioo wakamwelewa.

Nimewahi kuona mafundi wengi hodari. Wengi wao hodari wa kukuonyesha kwamba wewe si hodari. Mama alikuwa na ustadi wa kukaa kimya karibu na mtu anayekosea hadi mtu huyo akajifunza, huku simu zinalia. Mimi mwenyewe siwezi, hata leo najaribu na ninashindwa.

Baada ya chakula akaja tena na karatasi, nyeupe safari hii. Kwetu likitokea jambo la namna ile, kesho yake hukaa watu wote kwenye fika, mapumziko ya Waswidi, kahawa na mikate ya mdalasini mezani, na husomwa mfululizo wa mambo yalivyotokea, saa kwa saa. Aliniambia kwamba mfululizo huo nitauandika mimi. Aliweka karatasi akaondoka. Hakusema niandike nini kwenye mstari wa kwanza.

Nilikaa na karatasi ile hadi ofisi ikabaki na watu wawili. Niliandika mwanzo mmoja usemao kwamba saa tatu na nusu kikomo cha seva ya mlangoni kilibadilishwa. Sentensi nzuri, safi, isiyo na mtu ndani yake. Nikaisoma mara tatu. Ningeweza kuiacha, na Mama asingeniumbua, hilo nilikuwa na hakika nalo. Nikaogopa kwa kweli, hofu ya kurudi kuomba kazi upya nikiwa na miaka arobaini na mitatu. Lakini niliwaza pia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba nilishatazama kioo mara moja siku ile badala ya kujibu swali. Nikakata sentensi. Nikaandika kwamba saa tatu na nusu mimi niliondoa kikomo kwa tovuti zote bila kumuuliza mtu, na kwamba saa nne mkuu alipouliza nilinyamaza.

Kesho yake niliisoma mwenyewe, kwa Kiswidi changu cha wazee wa Vällingby. Vijana wa michoro waliacha kutafuna. Nilipofika penye kunyamaza, nilikunywa maji kwanza, ndipo nikaendelea. Mkuu hakuniangalia kwa ukali wala kwa upole, aliandika kitu kwenye daftari lake. Mama akaomba kuongeza mistari miwili. Alisema diski ya mlangoni yeye ndiye aliyeiacha ndogo miaka kadhaa iliyopita, na akaunti moja ya watu wote ni yeye aliyeiruhusu kwa uvivu, kwa hiyo viandikwe pia na jina lake liwekwe. Vikaandikwa. Wiki hiyohiyo kila mmoja wetu akapewa akaunti yake, na ikawa sheria kwamba mabadiliko ya mlangoni husomwa na mtu wa pili kabla ya kuwekwa.

Wiki mbili zilizobaki sikulala vizuri. Kila mkuu alipopita karibu na meza yangu mabega yalinipanda. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Asubuhi hakusema kitu. Adhuhuri hakusema kitu. Saa kumi na robo akavaa koti, akatutakia wikendi njema sote kwa pamoja, akaenda zake kwenye treni. Nikabaki nimekaa, nisijue kama ninaruhusiwa kufurahi.

Mama alikuwa anasuuza kikombe chake. Nikamwambia kwamba hawajasema neno.

"Basi kazi ni yako," akasema.

Nikamshukuru. Nikamwambia najua alinisemea kwa mkuu, na kwamba pengine alikuwa akinisemea tangu mwanzo. Akafuta kikombe, akakiweka kabatini, akanigeukia. Hakuwa mtu wa kukubali shukrani isiyo yake.

"Hapana, dada yangu. Kabla ya ile siku mkuu alikuja kuniuliza juu yako, nikamwambia hapana. Nilimwambia huyu iko na akili lakini atatuvunjia nyumba." Akachukua mkoba wake. "Kisha ulisoma ile karatasi. Nikarudi kwake, nikamwambia abaki. Mtu anaandika kosa yake mwenyewe, huyo ninaweza kumuachia mashini yangu."

Nilisimama pale na shavu likiwaka, kama niliyepigwa kofi na kukumbatiwa na mkono uleule. Tulishuka ngazi pamoja, nikimbebea mkoba wake, naye akangoja nami hadi basi langu lilipofika.